Taa Zote za Dashibodi Kuwaka kwa Pamoja: Lipi la Kawaida, Lipi la Kutilia Shaka

MPANDA, KATAVI: Barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga ikishapita Sitalike huingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mahali ambapo gari likizimika, dereva hawezi kushuka na kutembea kumtafuta fundi. Kwa sababu hiyo, sekunde chache za kutazama dashibodi kabla ya safari zina thamani kubwa.

Ufunguo unapofikishwa kwenye alama ya ON, injini ikiwa haijawashwa, taa nyingi za tahadhari huwaka kwa pamoja. Hilo si kosa. Gari huonesha kuwa taa zenyewe ni nzima, kwani taa iliyoungua haiwezi kutoa onyo siku ya hatari.

Hata hivyo, taa hizo hazizimiki kwa wakati mmoja. Taa za ABS na mifuko ya hewa ya usalama hujizima zenyewe baada ya sekunde chache, mfumo ukimaliza kujikagua, hata kama injini haijawashwa. Taa ya oili na ya betri hubaki zikiwaka hadi injini iungurume, kwa kuwa kabla ya hapo pampu haijasukuma oili wala altaneta haijazalisha umeme. Taa ya injini nayo husubiri hadi injini iwake.

Shaka huanzia kwenye mambo mawili. La kwanza ni taa inayobaki ikiwaka baada ya injini kuwashwa. Ikiwa ni ya oili, dereva azime injini mara moja na kupima kiwango cha oili, kwa maana injini inayozunguka bila msukumo wa oili huharibika ndani ya muda mfupi.

La pili, ambalo wengi hawalitambui, ni taa isiyowaka kabisa. Mathalani, mnunuzi wa gari lililotumika anafikisha ufunguo ON na kusubiri sekunde kumi. Taa za oili, betri, injini na ABS zinawaka, lakini ya mifuko ya hewa haionekani. Dashibodi inaonekana safi, kumbe huenda taa imeungua au imeondolewa ili kuficha hitilafu. Upo pia ujanja wa kuunganisha taa hiyo na waya wa taa ya oili. Dalili yake ni kwamba haijizimi yenyewe, bali huzimika pamoja na ya oili injini inapowaka.

Mnunuzi akiona hivyo, asilipe kabla fundi hajaunganisha kifaa cha kusomea hitilafu kwenye gari. Ukaguzi wa taa huthibitisha kuwa onyo linaweza kutolewa, lakini hauthibitishi kuwa breki, matairi au injini ni vizima.