Kulitambulisha Shairi la Mtu Aliye Mbali na Kwao

Anayepewa kulitambulisha shairi mbele ya chama cha fasihi ana dakika chache tu, na mara nyingi huzimaliza akilieleza mstari kwa mstari. Likija kusomwa, halina jipya tena. Ningependa kuonyesha njia nyingine kwa shairi ambalo Wabrazili wengi hulijua tangu shuleni: "Canção do Exílio", yaani Wimbo wa Uhamishoni.

Hotuba ianzie Coimbra, Ureno, mwaka 1843. Antônio Gonçalves Dias ana umri wa miaka 19. Amezaliwa Maranhão, Brazili. Baba yake ni mfanyabiashara Mreno, mama yake ana asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Hapa msemaji afafanue jambo moja, maana jina la shairi laweza kupotosha: kijana huyu hakufukuzwa na mtu. Alikwenda kusomea sheria, katika nchi ya baba yake, kwa watu wanaosema lugha yake. Hata hivyo aliona ugeni, na ugeni wa namna hiyo wanaujua vijana wengi wetu waliokwenda kusoma ng'ambo.

Kisha wasikilizaji wapewe kitu kimoja cha kutegea sikio. Shairi lina mistari 24, kila mmoja mizani 7, pungufu hata ya kipande kimoja cha mizani 8 tulichozoea. Mshairi anataja miti ya jamii ya mnazi, ndege aitwaye sabia, nyota, maua na misitu. Haelezi nyota zinang'aaje wala misitu ina rangi gani. Anasema tu kwamba kwao viko zaidi. Waombwe wasikilize ni vitu gani vya Ureno anavyovitaja. Watakuta ndege peke yao, nao anawataja ili kusema kwamba hawaimbi kama wale wa kwao. Mto, mtaa, chuo, vyote havimo. Kwangu mimi hapo ndipo uchungu ulipo: anaishi mahali asipopaona.

Shairi lisomwe bila haraka, tena kwa sauti ya kawaida. Mengine yasubiri. Baadaye ndipo isimuliwe kwamba mistari yake miwili iliingizwa katika wimbo wa taifa wa Brazili, na kwamba mshairi alirudi kwao mwaka 1845.

Habari ya kifo chake nayo ije mwishoni. Katika ubeti wa mwisho anamwomba Mungu asife kabla ya kurudi na kuiona tena ile miti. Mwaka 1864, akitoka Ulaya akiwa mgonjwa, meli yake ilivunjika karibu na pwani ya Maranhão. Wengine waliokolewa, yeye alikuwa amelala ndani, akafa. Kisa hiki kikitangulia, wasikilizaji watalisikia shairi kama utabiri wa kifo, na yule mwanafunzi wa miaka 19 anayetamani kwao hawatamsikia.