Jina Limechapwa Vibaya Kwa Taito? Hivi Ndivyo Linarekebishwa

Kama uko na mashamba upande wa Githongo, fanya hivi leo jioni: chukua taito ya mzae, uweke kando ya kitambulisho chake, halafu soma herufi moja moja. Kuna wasee wengi Meru watashtuka.

Shida ya majina ya Kimeru ni kwamba yaliandikwa kwa kusikizwa. Karani aliuliza jina, akaandika vile sikio lilimwambia. Hapo ndipo Kaaria alipoteza "a" moja, na ile M' ya majina ya wazee ikaachwa nje kabisa. Wengi hawajali hadi siku ya kuuza au ya kutafuta mkopo. Benki inaangalia taito, inaangalia kipande, inaona watu wawili. Bodi ya ardhi nayo, ile inatoa idhini kabla shamba la kilimo liuzwe, haiwezi kukupitisha hivyo.

Tuchukue mfano. Taito inasema Mugambi Karia. Kitambulisho kinasema M'Mugambi Kaaria. Mzae yuko hai, na hakuna mtu anabishana naye juu ya shamba. Hii ni kesi rahisi, haihitaji korti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inampa Msajili wa Ardhi nguvu ya kurekebisha makosa madogo ambayo hayagusi haki ya mtu yeyote.

Anza na sachi kwa ofisi ya ardhi Meru mjini. Namba za huko huanza na Abothuguchi, kisha sekisheni, mfano Katheri, kisha namba ya shamba. Sachi itakuonyesha vile jina liko kwa rejista yenyewe, ile kadi ya kijani inayobaki ofisini. Hii ndiyo hatua watu huruka, na ndiyo inaamua kila kitu. Kama kadi iko sawa na ni taito tu ilichapwa vibaya, kazi ni ndogo. Kama kadi pia imekosea, Msajili atataka kufungua faili ya shamba acheki makaratasi ya zamani. Ukiwa na kopi ya fomu ya uhamisho yenye jina sawa, ibebe, kwa sababu inaonyesha kosa lilitokea ofisini.

Halafu inakuja hati ya kiapo. Mzae mwenyewe ndiye anaapa, si wewe kijana wake, mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Githongo iko na mahakama yake, kwa hivyo hii inaweza kumalizwa karibu na home. Kiapo kiseme wazi: mimi ni M'Mugambi Kaaria, kitambulisho namba fulani, na ndiye huyo huyo Mugambi Karia aliye kwa taito ya shamba namba fulani. Majina yote mawili, herufi kwa herufi. Kiapo kinachosema tu "jina langu lilikosewa" hakimsaidii Msajili, juu hakiunganishi huyu na yule.

Chifu naye anaandika barua kwamba anamjua mzae na majina hayo ni ya mtu mmoja. Soma hiyo barua kabla utoke kwa ofisi yake. Chifu akiandika Mugambi Kaaria bila M', sasa uko na majina matatu badala ya mawili, na umejiongezea soo.

Kwa faili weka taito yenyewe, kopi ya kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, picha za pasipoti, sachi, kiapo na barua, pamoja na ombi kwa Msajili. PIN pia lazima ifanane na kipande. Na kama kilichokosewa ni kitambulisho, si taito, rekebisha hicho kwanza. Kurekebisha taito ifuate kipande kibovu ni kujizungusha.

Usijaribu kufuta na kuandika juu ya taito kwa kalamu. Broka akikuambia hiyo ndiyo njia fupi, hepa. Hiyo ni kugushi hati, na kadi ya kijani ofisini itakuumbua.

Msajili akikubali, anaingiza marekebisho kwa rejista, taito ya zamani inabaki kwake na mzae anapewa mpya. Isome pale pale dirishani. Baadaye fanya sachi ingine, uhakikishe rejista na karatasi vinasema kitu kimoja.

Sasa kuna mahali njia hii inaishia. Kama jina ni tofauti kabisa, tuseme taito iko kwa jina la ndugu ya mzae, au kuna mtu anadai shamba ni lake, hilo si kosa la herufi tena. Msajili atakutuma Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na kama mzae alishaenda, hakuna wa kuapa kwa niaba yake kienyeji. Familia inaenda kwa mirathi, na kwa ombi lenu mnaandika majina yote mawili, M'Mugambi Kaaria anayejulikana pia kama Mugambi Karia, mkiambatanisha barua ya chifu na cheti cha kifo. Hapo ni miezi mingi na loya wa kulipwa. Akiwa hai, ni kiapo kimoja na safari kadhaa za Meru mjini.