Jaribio Limefaulu, Pesa Haijaingia

Duka la mtandaoni linapodai malipo kwa M-Pesa, mteja huletewa kwenye simu ombi la kuweka namba ya siri. Programu ya duka hupitia Daraja, mfumo wa Safaricom, na mara hujibiwa:

```
"ResponseCode": "0"
```

Sifuri hiyo huwapoteza wengi. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu; pengine mteja hata simu hajaishika. Matokeo yenyewe huja katika ujumbe wa pili, ambao Daraja huutuma kwenye anwani ya duka. Humo `ResultCode` ikiwa 0, pesa imelipwa. Ikiwa 1, salio halitoshi. Ikiwa 1032, mteja ameghairi.

Anayejaribu kipande kimoja cha programu hataki kukata pesa za mtu kila mara. Huunda Daraja bandia inayojibu sifuri papo hapo, kisha jaribio huhakikisha oda imeandikwa "imelipwa". Kijani kinawaka. Lakini bandia hiyo imezaliwa na dhana ileile iliyoandika programu, itaipingaje?

Dukani, mteja anaghairi na mzigo unatoka bure. Dalili huonekana wakati wa kufunga hesabu, oda "zilizolipwa" zinapozidi miamala iliyopo kwenye taarifa ya M-Pesa.

Bandia haina haja ya kutupwa, kwani ni ya haraka. Ifundishwe tabia halisi: ijibu sifuri, inyamaze, kisha ilete 1032. Safari nyingine isilete chochote, maana ujumbe wa pili huweza kupotea na duka likalazimika kuuliza lenyewe hali ya muamala. Majibu hayo yanakiliwe kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja, si kutoka kichwani mwa mwandishi wa programu.