Mkono usiotetemeka: Siri iko kwa mifupa, si misuli

Chukua karatasi moja ya kuprinti. Ishike kati ya vidole viwili uone wembamba wake. Ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hivi. Sasa tuseme umelenga bunduki yenye urefu wa mita moja kutoka begani hadi mdomo wa mtutu, na ule mdomo umesogea kando kwa unene wa hiyo karatasi tu. Kwa shabaha iliyo mita 50 mbele, risasi yako itatua milimita 5 kando ya ulipotaka. Mtutu ukisogea robo ya milimita, umekosa kwa zaidi ya milimita 12, na duara la pointi 10 kwenye shabaha ya Olimpiki ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4 pekee, kama nusu ya sarafu ya bob. Hapo kumi imeenda, umebaki na tisa.

Sasa cheki hii. Mwaka wa 2012 kule London, jamaa wa Belarus anaitwa Sergei Martynov, akiwa na miaka 44, alilala kwa tumbo akafyatua risasi 60 katika raundi ya mchujo. Zote 60 ziliingia kumi. Pointi 600 kwa 600, kisha akabeba dhahabu. Na hakuwa ameweka bunduki juu ya kitu chochote. Alikuwa na mkanda mkononi, basi.

Wengi wetu tukiona sinema tunadhani mlenga shabaha ni msee mwenye misuli ya chuma. Ni kinyume kabisa. Msuli ukifanya kazi hutetemeka, na ukichoka hutetemeka zaidi. Mfupa hautetemeki. Kwa hivyo kila mkao wa kupiga bunduki una swali moja: uzito huu unashikwa na nani, mfupa au msuli?

Anza na kulala kifudifudi, maana ndio mkao ulio imara kuliko yote. Mwili wote uko chini, hakuna kuyumba. Tuseme unatumia mkono wa kulia. Kiwiko cha kushoto kinakaa karibu chini ya bunduki, na mfupa wa kigasha unasimama kama nguzo kati ya ardhi na bunduki. Lakini nguzo hiyo imeinama mbele, na bila msaada itateleza, bunduki ishuke, nawe uanze kuizuia kwa misuli.

Hapo ndipo mkanda unaingia. Upande mmoja unazunguka mkono wako wa kushoto juu ya kiwiko. Upande wa pili umefungwa kwenye mbao ya bunduki, mbele ya kiganja. Ukishaweka kitako begani, mkanda unakazika na kuwa kama kamba ya hema: unavuta bunduki nyuma iingie begani, na unazuia kigasha kisifunguke. Ukiufunga vizuri, unaweza kulegeza vidole vya mkono wa kushoto kabisa, viwe vimelala tu, na bunduki isishuke. Hicho ndicho kipimo. Ukilegeza vidole na mtutu ukaanguka, mkanda ni mrefu sana.

Ukiukaza kupita kiasi nao utakulipiza. Ndani ya mkono wa juu kuna mshipa mkubwa wa damu, na mkanda ukiukandamiza utaona kitu cha ajabu: mtutu unaruka kidogo, tup, tup, tup, kwa mdundo uleule wa moyo wako. Dawa ni kuuhamisha mkanda juu au chini kidogo, na kuvaa koti nene.

Kupiga goti ni habari nyingine. Goti la kulia liko chini, umekalia kisigino cha kulia, na mguu wa kushoto uko mbele, muundi ukiwa umesimama wima. Wachezaji wa Olimpiki huweka mto mdogo wa duara chini ya kifundo cha mguu wa kulia ili uzito ukae pale bila kuumia. Kosa la wengi ni kuweka ncha ya kiwiko juu ya kofia ya goti. Manze, hiyo ni kama kuweka mpira juu ya mpira, mfupa utateleza huku na huko. Sogeza kiwiko mbele au nyuma kidogo, nyama bapa ya mkono ilalie goti. Mkanda unafanya kazi ileile, ila sasa nguzo yako haijaanzia ardhini, imeanzia gotini, na kiwiko cha kulia kinaning'inia hewani.

Kuketi kunatibu hilo la mwisho. Makalio yako chini, miguu imekunjwa au kutandazwa, na viwiko vyote viwili vimepata mahali kwenye magoti. Olimpiki hawana mkao huu, lakini kule Camp Perry, Ohio, kuna raundi ya yadi 200 ambapo unaketi na kufyatua risasi 10 kwa sekunde 60. Pia unakufaa ukiwa kwenye nyasi ndefu, ambapo ukilala huoni kitu.

Na ile stendi ya miguu miwili tunayoiona kwa sinema? Hiyo inabeba uzito wote wa mbele, na ukiweka kifuko cha mchanga chini ya kitako, bunduki inatulia kuliko kwa mkanda. Lakini ina tabia zake. Ukiitumia juu ya simiti, bunduki inaruka kila risasi ikitoka, kwa hivyo unaisukuma mbele kidogo kwa bega ili miguu ishike. Pia ina urefu mdogo, ukipiga goti haikusaidii. Tena bunduki iliyorekebishwa ikiwa kwenye stendi inaweza kupiga mahali tofauti ukihamia mkanda, maana mkanda unavuta mbao na pengine kuupinda mtutu kidogo. Olimpiki wameipiga marufuku stendi hii kabisa.

Iwe ni mkanda au stendi, kuna jaribio moja halikwepeki. Lenga, funga macho, vuta pumzi mara mbili, toa, kisha fungua macho. Bunduki inaangalia wapi? Ikiwa imeenda kushoto, usiisukume kulia kwa mikono, maana ukifyatua misuli italegea na risasi itaenda kulekule kushoto. Acha kiwiko cha kushoto palepale, sogeza makalio na miguu hadi bunduki yenyewe irudi katikati.

Baadaye shabaha itakusomea makosa. Matundu yakijipanga wima, juu na chini, mara nyingi ulikuwa unafyatua huku unapumua. Yakitawanyika kushoto na kulia, cheki huo mkao wako.

Na usijaribu haya na bunduki ya mjomba. Kenya bunduki bila leseni ni jela. Ila jaribio la kufunga macho unaweza kulifanya leo sakafuni ukiwa na fimbo ya fagio, na utashangaa inaelekea wapi.

Los Angeles 2028 ikifika, tazama mchezo wa mikao mitatu: goti, kulala, kusimama. Usitazame mtutu. Tazama mkono wa kushoto. Kwa mikao miwili ya kwanza utaona mkanda. Wakifika kusimama sheria inawalazimu kuachana nao, na hapo ndipo kumi zinaanza kuadimika.