Asante kwa Mteja Aliyekukatalia

Profoma ikikataliwa, mafundi na wafanyabiashara wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hunyamaza kimya, kana kwamba hawakuwahi kujuana na mteja yule, ama hujibu hapohapo: "Bosi, kwani huyo mwingine amekupa bei gani? Mbona tunaongea!" Anayenyamaza anaonyesha kwamba heshima yake ilikuwa ya pesa tu. Anayepunguza bei dakika hiyohiyo anakiri kwamba bei ya jana ilikuwa ya kubahatisha. Na huyu wa pili ndiye anayeharibu zaidi, kwa sababu kuanzia siku hiyo kila profoma yake itasomwa kwa mashaka.

Kuna njia ya tatu, ambayo ni kuandika ujumbe mfupi wa shukrani. Wengi huuona kama mapambo, lakini una kazi maalumu. Mteja aliyekukataa huona aibu kurudi kwako. Ulipoteza mafuta na muda kwenda kwake, ukakaa usiku ukipiga hesabu, halafu kazi akampa mwingine. Huyo mwingine akimwangusha, atatafuta fundi wa tatu asiyemfahamu kuliko kukupigia wewe. Ujumbe wa shukrani unamwondolea aibu hiyo kabla haijaota mizizi.

Tuseme kuna karakana ndogo Morogoro inayotengeneza madawati ya fremu ya chuma cha mraba na mbao za paina. Shule binafsi inahitaji madawati 60 kwa ajili ya wanafunzi wa Januari. Fundi anakwenda shuleni, anapima madarasa, anaandika profoma: Sh 75,000 kwa dawati, jumla Sh 4,500,000, bei ikidumu kwa siku 30. Baada ya wiki mbili, Mwalimu Mkuu anamwandikia: "Fundi, tumepitia profoma zote. Bodi imeamua kumpa mwingine kwa awamu hii. Asante kwa muda wako."

Jibu hilo linafaa kusomwa mara mbili. Limesema bodi, maana yake uamuzi haukuwa wa Mwalimu Mkuu peke yake, na huenda yeye alikuwa upande wako. Limesema pia awamu hii, kwa hiyo ipo nyingine. Fundi mwenye hasira haoni maneno hayo. Anaona "mwingine" tu.

Kwanza lakini awe na hakika kwamba amekataliwa. Sisi hatupendi kumwambia mtu hapana machoni. Tunasema "tutakupigia", "ngoja tujadiliane", "bajeti bado haijakaa sawa". Maneno hayo yanaweza kuwa kukataa kwa adabu, na yanaweza kuwa ukweli mtupu. Ukimshukuru kwa uamuzi mtu ambaye bado hajaamua, umemsaidia kukuacha. Kwa hao, uliza tu kwa upole ni lini unaweza kupita tena. Shukrani ninayoizungumzia ni ya yule aliyetamka wazi, kama huyu Mwalimu Mkuu, ambaye anaweza kujibiwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nimepokea uamuzi wa bodi, na nashukuru kwa kunijulisha, maana wengi hukaa kimya. Asante pia kwa kunitembeza madarasani. Nimeona kwamba watoto wenu wa darasa la kwanza wanahitaji dawati fupi kuliko nililozoea kutengeneza. Nawatakia maandalizi mema ya Januari. Vipimo vya madarasa yote ninavyo, nitavitunza. Mtakapopanga awamu ijayo, nitafurahi kuwaletea profoma mpya bila kuwasumbua kupima tena."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna bei, hakuna neno juu ya fundi aliyeshinda, hakuna swali hata moja. Swali la "tulikosea wapi?" linaonekana la unyenyekevu, lakini linampa mtu aliyekwisha kumaliza jambo kazi ya kujieleza. Kama unataka sana kujua sababu, subiri mkutane uso kwa uso, ambapo atakuambia kwa dakika moja jambo ambalo asingeliandika kamwe.

Lile dawati fupi ndilo linalothibitisha kwamba ujumbe haukunakiliwa kutoka kwa mteja mwingine. Kila aliyefika kwa mteja ana kitu kimoja cha namna hiyo, na kama hana, basi hakusikiliza alipokuwa huko. Na mlango haukuachwa wazi kwa "karibu tena" inayoandikwa hata kwenye risiti za soda. Umeachwa wazi kwa vipimo, kitu kinachomrahisishia mteja kurudi. Fundi pia hakuahidi bei ileile. Profoma ilikuwa ya siku 30, na chuma hupanda bei bila kumuuliza mtu. Anayeacha mlango wazi pamoja na bei ya zamani atakuja kujuta.

Tuma siku hiyohiyo kama umetulia, au kesho yake asubuhi kama hujatulia. Jibu kwa njia aliyotumia yeye: akikuandikia kwa simu, mjibu kwa simu. Akikutumia barua yenye mhuri, mjibu kwa barua. Barua huingia kwenye faili la ofisi, na kiongozi akihama au kuondoka, anayemrithi ataikuta. Ujumbe wa simu huondoka na mwenye simu.

Baada ya hapo andika kwenye daftari lini utarudi, kwa kalenda ya mteja, si kwa njaa yako. Shule inayopokea wanafunzi Januari huanza kufikiria madawati miezi kadhaa kabla, kwa hiyo Septemba au Oktoba si mapema mno. Taasisi ya serikali ya Tanzania inaanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, na ukifika Juni mwishoni mipango imeshafungwa. Rudi mara moja, ukiwa na jambo jipya la kuonyesha, kwa mfano picha ya lile dawati fupi ulilokwisha kulitengeneza.

Mara nyingi lakini mlango hufunguka kabla ya tarehe hiyo, na kwa kazi ndogo. Madawati yakiwa ya chuma chembamba, maungio ya miguu huachia. Mbao za paina zikitumika hazijakauka vizuri, hupinda. Shule itatafuta mtu wa kuchomelea madawati kumi tu. Akipigiwa fundi wetu, aende, achomelee, atoze bei ya haki, na asithubutu kusema "niliwaambia". Bodi itaona kazi yake pale ambapo kazi ya mwenzake imeshindwa, bila yeye kufungua mdomo.

Wapo watakaotaja Joe Girard, muuza magari wa Michigan aliyeuza magari 13,001 kati ya 1963 na 1978, ambaye alituma kadi za salamu kila mwezi. Watu hulichukua hilo kama kibali cha kumwingiza kila aliyewakataa kwenye orodha ya matangazo ya simu, apokee picha za madawati kila Jumatatu. Huko si kuacha mlango wazi, huko ni kuugonga bila kuchoka. Tena sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara.

Na akikuandikia kwamba hataki kutafutwa tena, usimjibu hata kwa asante ya pili. Futa namba yake kwenye orodha siku hiyohiyo.