Shati la Akili Unde na Mfuko Uliojiotea

Mshonaji wa sare anataka picha ya tangazo: kijana amesimama mapokezi ya hoteli, mikono ameikunja kifuani, amevaa shati jeupe lenye mfuko mmoja kushoto na vifungo vya buluu, na juu ya mfuko limedariziwa neno KARIBU. Akili unde inampa picha inayovutia kweli. Akiikuza ndipo anapoona vituko: KARIBU imekuwa KAIRBUU, mfuko wa pili umeota upande wa kulia, na vifungo vilivyo juu ya mikono ni vikubwa kuliko vilivyo chini yake.

Chanzo cha kwanza ni ukubwa. Modeli kama Stable Diffusion huichora picha kwanza katika umbo lililobanwa, ambamo kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hushikwa na seli moja, na mwishoni tu ndipo seli hizo hufumuliwa kuwa pikseli. Sasa tupige hesabu. Kijana wa sentimita 170 akijaza pikseli 900 kati ya 1024 za urefu wa picha, kila sentimita ya nguo inapata pikseli 5 hivi. Kifungo cha shati chenye milimita 11 kinapata pikseli 6, yaani hakijazi hata seli moja. Herufi ya sentimita moja iko hali hiyohiyo, na R na B hutofautiana kwa kipande kidogo tu cha wino. Hapo modeli inaweka kitu kinachofanana na maandishi, na mbali kidogo kinapita.

Kwa hiyo tabia yenye faida kuliko zote ni kusogea. Omba kifua peke yake, sentimita 25 za nguo zijaze picha nzima, na kila sentimita itapata pikseli 41. Kifungo kilekile sasa kina zaidi ya seli tano za kukaa. Kurundika maneno kama “ubora wa hali ya juu” hakumpi mtu pikseli hata moja.

Mfuko wa ziada una kisa kingine. Modeli haina mchoro wa fundi wala haihesabu. Imejifunza tu ni vitu gani huonekana pamoja katika mamilioni ya picha. Ukiandika “safari”, umeshaita mifuko minne. Ukitaja Kaunda suti, mifuko ya kifuani inakuja nayo. Na ukiandika “no pockets”, mara nyingi unaipata hiyohiyo mifuko, kwa kuwa neno lililobeba picha ni “pockets”, na “no” ina nguvu kidogo. Eleza kilichopo badala ya kukana kisichotakiwa: upande wa kulia uwe mtupu. Usiyoyataka yapeleke kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, kama programu yako inacho. Mimi ningemwandikia mshonaji wetu hivi:

```
close-up of a white cotton shirt, front view, one pocket on the wearer's left chest, plain right chest, one straight row of dark blue buttons
Negative prompt: extra pockets, zipper, text, logo
```

Mikono iliyokunjwa nimeiacha makusudi. Mkono, tai au nywele zikikatiza safu ya vifungo, sehemu ya juu na ya chini huchorwa kama majirani wasiosalimiana: modeli haikumbuki kwamba kifungo cha nne ni ndugu wa cha tatu. Ndiyo sababu ukitaka kuikagua picha ya namna hii, anza pale safu inapopotea na inapoibukia.

Neno KARIBU pia nimeliondoa. Modeli nyingi hupokea maandishi yakiwa yamekatwa vipande vya maneno, si herufi moja moja, kwa hiyo haziambiwi waziwazi tahajia. Za 2024 kama Stable Diffusion 3 na FLUX.1 zina kisoma-maandishi chenye nguvu zaidi, na neno fupi ndani ya alama za nukuu huweza kutoka sawa. Jina la kanga lenye maneno sita, likiwa limefuata mikunjo ya kitambaa, bado ni bahati nasibu. Naona busara ni kutoa nguo tupu, kisha kuandika neno kwa GIMP au programu nyingine ya kuhariri picha, na kulipinda kidogo lifuate kifua.

Picha ya mwili mzima ikiwa ya lazima, chora kwanza, kisha rekebisha kifua pekee kwa `Inpaint`. Katika Stable Diffusion WebUI chagua `Only masked`, ili sehemu hiyo ikuzwe, ichorwe upya, halafu irudishwe mahali pake. Hapo wengi hukwama kwenye `Denoising strength`. Kwa 0.4 vifungo vinanyooka bila shati kubadilika, lakini mfuko wa ziada haung'oki, kwa kuwa umbo lake bado linaonekana chini ya kelele. Kuuondoa panda hadi 0.75 au zaidi, na ufunike pamoja na mfuko ukingo mpana wa kitambaa kitupu, ili modeli ione kitambaa cha kuendeleza.