Mwezi upi?

Jioni ya mwezi 29 Shaabani, kwenye baraza moja hapa Wete, kahawa ilikuwa inazunguka na macho ya watu yako magharibi. Kijana mmoja akamgeukia mzee aliyewahi kumsomesha chuoni.

"Maalim, mwezi si mmoja tu duniani?"

"Ni mmoja, mwanangu."

"Basi ukishaingia Makka umeshaingia. Vipi mwezi huo huo mmoja uingie Makka leo, kwetu uingie kesho?"

Baraza ikachangamka. Maalim alinyamaza, na wengi tukadhani ameshindwa. Kisha akauliza maneno mawili: "Mwezi upi?"

Mimi nasomesha mantiki, na sijapata mfano wa kosa hili ulio bora kuliko ule. Kila sentensi ya kijana, ukiisoma peke yake, ina mashiko. Mwezi ni mmoja: kweli, hakuna wa pili juu yetu. Mwezi hauingii mara mbili: hilo nalo unaweza kulitetea. Lakini mwezi ulio mmoja ni lile jiwe kubwa linaloizunguka dunia, na jiwe haliingii wala halitoki. Mwezi unaoingia ni kipindi cha siku 29 au 30 ambacho watu wanakihesabu. Neno limeanza safari likiwa na maana moja, likafika likiwa na nyingine, na aliyelitamka hakuhisi badiliko lolote.

Hoja za namna hii zinategemea neno la kati, lile linalotokea katika sentensi ya kwanza na ya pili na kuzifunga pamoja. Ni kama kamba iliyofungwa gatini upande mmoja na kwenye mashua upande mwingine. Kamba mbili zikilala pamoja, kwa mbali utaona ni moja. Maji yakianza kuvuta ndipo mashua inapoondoka. Aristotle alipoorodhesha makosa ya hoja yanayotokana na lugha, hili alilitaja la kwanza, na wanazuoni wa Kiislamu waliosomesha mantiki waliliita neno la aina hiyo mushtarak, yaani neno moja linaloshirikiwa na maana zaidi ya moja.

Njia ya kulinasa ni kuliondoa neno lenyewe. Weka maelezo mahali pake, kisha usome hoja upya: "Jiwe linaloizunguka dunia ni moja. Kwa hivyo kipindi cha siku 29 au 30 kinaanza siku moja kila mahali." Hapo kiungo hakipo tena, na kila mtu anakiona kimekosekana. Njia nyingine, nzuri kwa watu wa pwani wenye lugha zaidi ya moja, ni kufasiri. Kiarabu kina kamar kwa mwezi wa mbinguni, hilali kwa mwezi mwandamo, na shahri kwa mwezi wa hesabu. Hoja ya kijana ukiipeleka Kiarabu inakatika njiani, kwa sababu italazimika kuchagua.

Ila upande wa pili nao haukutoka msafi jioni ile. Mtu mmoja mzima alijibu kwamba saumu imefungamanishwa na kuuona mwezi, nasi hatujauona, kwa hivyo haujaandama. Kuuona kwa nani? Ukitangazwa kwamba umeonekana Makunduchi, yeye mwenyewe atafunga bila kutoka barazani. Kwa hiyo "kuona" kwake mwanzoni kulikuwa kuona kwa shahidi anayekubalika, popote alipo ndani ya mpaka fulani, na mwishoni kukawa kuona kwa macho ya hapa. Mpaka huo ndio hasa unaobishaniwa, naye aliupitisha ndani ya kitenzi bila kuutaja.

Akaingia wa tatu na "saa". Saa zetu na za Makka ni sawa, alisema, kwa hivyo magharibi yetu ni moja na mwezi lazima uonekane pamoja. Saa ya mkononi ni sawa kweli. Tena Chake Chake na Makka zimekaribiana mno kwa longitudo, zote ziko karibu na digrii 39.8 mashariki. Lakini Makka iko digrii 21 kaskazini ya ikweta na sisi tuko digrii 5 kusini, na hilo linatosha kuyatenga machweo. Mwezi wa Juni jua linatuchwea sisi mapema kuliko wao kwa zaidi ya nusu saa, na Desemba wanatangulia wao. Saa ya ukutani haikuambii jua limefika wapi.

Kuvunjika kwa hoja, hata hivyo, hakumaanishi kwamba hitimisho lake ni uongo. Anayefuata mwandamo wa kimataifa ana hoja nyingine zisizotegemea neno "mwezi", na anayefuata mwandamo wa hapa vilevile. Wanazuoni wenyewe wanazijua zilipo. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Kuraib, aliyerudi Madina kutoka Shamu na kueleza kwamba kule mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akamjibu kwamba wao Madina waliuona usiku wa Jumamosi, na kwamba wangeendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone. Watu wa madhehebu wamehitilafiana namna ya kulichukua jibu hilo, na huo ni mjadala halali.

Mwezi ni mfano mwepesi, kwa sababu maana zake mbili ziko mbali. Taabu inaanza pale maana zinapokuwa jirani, na neno lililotutaabisha zaidi Zanzibar ni "nchi". Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar, tangu mabadiliko ya 2010, inasema Zanzibar ni nchi. Watu wamegombana kwa jambo hili hadi kununiana, kila mmoja akiwa na katiba yake mkononi. Mmoja kwa "nchi" anakusudia dola yenye mamlaka kamili mbele ya mataifa. Mwingine anakusudia ardhi yenye mipaka, watu, serikali na historia yake. Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi mwaka 2000 katika kesi ya watu 18 walioshtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ilishughulika na ile maana ya kwanza: uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar si dola ya namna hiyo. Haikuhitaji kusema kwamba Zanzibar haina mipaka wala watu.

Mwaka 2017 neno hilo likaingia mpirani. Machi, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF. Julai ikaondolewa, kwa maelezo kwamba vyama viwili haviwezi kutoka nchi moja. Kwa kinyozi nilisikia hoja nzito: "Sisi ni nchi, na kila nchi ina timu yake, kwa hivyo tumedhulumiwa." Aliyembishia alisema Muungano ni nchi moja, basi dhuluma iko wapi? Hakuna aliyeuliza kanuni za mpira zinakusudia nini kwa neno hilo, ilhali FIFA inazikalisha Uingereza, Uskochi, Welisi na Ailandi ya Kaskazini kila moja kwenye kiti chake, na zote nne zimo ndani ya dola moja. Hiyo ni maana ya tatu, na ugomvi wa kweli ulikuwa pale: kwa nini hao wakubaliwe na sisi tusikubaliwe?

Tukirudi barazani Wete: swali la Maalim halikumaliza ubishi. Kijana alifikiri kidogo, akasema, "Haya, nauacha mwezi wa mbinguni. Niambie, Maalim, habari ya Kuraib ilikuwa fatwa ya Ibn Abbas au sunna ya Mtume?" Mzee akasogea, akampa nafasi ya kukaa karibu yake. Waliendelea mpaka ikaadhiniwa Isha.